Gawanya hali kwa mishale inayoingia, siyo inayotoka

Wadogo zangu wa mwaka wa pili, nimepitia majibu yenu ya kugeuza mashine ya Mealy kuwa ya Moore, na makosa ni yale yale ya waliowatangulia. Fasili mnazo kichwani, hilo sina shaka nalo: Mealy huweka tokeo kwenye mshale, Moore huliweka ndani ya hali. Shida inaanza kalamu ikigusa karatasi. Basi tuchukue kitambuzi cha 101 mlichopewa, kile ambacho 1 ya mwisho inaruhusiwa kuanzisha 101 nyingine. A haijaona chochote cha maana, B imeona 1, C imeona 10.

```
hali   0     1
A      A/0   B/0
B      C/0   B/0
C      A/0   B/1
```

1. Orodhesha kwanza matokeo yanayoingia kila hali. Mishale yote inayoingia A ina tokeo 0, na wa C vilevile. B ndiyo yenye mchanganyiko: inaingiwa na 0 kutoka A na kutoka kwake yenyewe, na inaingiwa na 1 kutoka C. Kwa hiyo B peke yake inapasuliwa, tunapata B0 na B1. Baadhi yenu mmepasua C kwa kuwa mishale *inayotoka* kwake ina 0 na 1. Hebu niambieni, ukiwa B ukasoma 0, utaenda C0 au C1? Huwezi kuchagua, maana ingizo litakaloamua bado halijasomwa. Tokeo la hali ya Moore linaeleza umefikaje hapo. Mkikwama kwenye swali la namna hiyo, rudini nyuma, mmepasua upande usiofaa.

2. Kila nakala hurithi mishale yote ya kutoka. Hapa nataka tukae, kwa sababu hapa ndipo alama nyingi zimepotea, na waliozipoteza ni watu wenye bidii. Wapo waliosahau kabisa mishale ya B1, wakaiacha kama hali ya mwisho. Hao ni rahisi kuwasaidia, mchoro wenyewe unalia. Wagumu ni wale walioona B ina kitanzi kwenye ingizo 1, wakakinakili kama kilivyo: B0 ikajirudia yenyewe, B1 nayo ikajirudia yenyewe. Mchoro unapendeza, kila hali ina mishale miwili, hakuna kinachoning'inia. Kisha wakaujaribu kwa 10101, Mealy ikatoa 00101, mashine yao nayo ikatoa 00101, wakafunga daftari kwa amani.

Sasa wapeni 1011. Mealy inatoa 0010. Mashine yao inafika B1 kwenye ile 1 ya pili, halafu 1 ya mwisho inaizungusha pale pale B1, inatoa 0011. Imetangaza 101 ambayo haipo! Kitanzi cha asili kilikuwa 1/0, yaani kinaingia B kikiwa na tokeo 0, kwa hiyo kikitokea nakala yoyote lazima kiishie B0. Kumbukeni hivi: nakala unayotoka haibadilishi kitu, tokeo la mshale ndilo linaloteua nakala unayoingia. Jedwali sahihi ni hili:

```
hali  tokeo  0   1
A     0      A   B0
B0    0      C   B0
B1    1      C   B0
C     0      A   B1
```

Tazameni safu za B0 na B1: mishale ni ile ile, tokeo tu ndilo tofauti. Ikiwa nakala zenu mbili zina mishale tofauti, kuna kosa, wala hamhitaji kujaribu mfuatano wowote kulijua. Na mkijaribu, chagueni mfuatano unaopita kila mshale wa kila nakala. 10101 haikugusa kabisa ule wa B1 kwenye 1.

3. Moore hutoa tokeo moja zaidi. Kwa 1011 mtaona 00010, kwa kuwa A inatoa 0 kabla ya kusoma chochote. Ondoeni hilo la kwanza ndipo mlinganishe.

4. Hali ya kuanzia inaweza nayo kupasuka. Katika kitambuzi kisichoruhusu mfuatano kuingiliana, C kwenye 1 hurudi A na tokeo 1, basi mnapata A0 na A1. Kwa nadharia anzeni popote, kwa kuwa tokeo la kwanza halihesabiki. Kwenye saketi ya kweli anzeni A0, la sivyo kengele italia mara tu umeme unapowashwa.