Wifi kanitumia skrinshoti na alama ya kuuliza moja tu

*Assalaamu alaykum Bi Mkubwa. Mie ndo nashika pesa za harusi ya mdogo wake mume wangu. Jana wifi yangu wa Wete kanitumia skrinshoti ya chati yake na mpishi, chini kaweka ? basi, hakuna salamu hakuna neno. Usiku akaleta ? nyengine. Arubuni laki mbili nimeshamtumia mpishi kwa simu tangu Jumatatu, naona wifi anantia wizi. Sijamjibu mpaka leo. Nimjibu vipi? Skrinshoti hii hapa uione mwenyewe.*
*Mke wa kaka, Mwanakwerekwe*

Waalaykumu salaam mwanangu. Nimeitazama hiyo picha, nikaikuza, nikaitazama tena, na nakwambia wewe umesoma ile alama tu, picha yenyewe hujaisoma.

Anza na saa. Meseji ya mpishi, ile ya kushoto, "arubuni bado sijaiona na Ijumaa nna kazi nyengine naulizwa", imeingia 16:08. Saa ya simu ya wifi yako pale juu kabisa inasoma 16:10. Yaani dakika mbili baada ya kuambiwa vile kashapiga picha. Mtu anaetafuta ushahidi wa kukutia wizi hafanyi hivyo, huyo angekaa nayo, akaikata pembeni, akazungushia duara jekundu pale penye jina lako, na jina lako hapo halipo hata mara moja. Huyu kababaika, na aliembabaisha ni mpishi, siyo wewe.

Halafu shuka mpaka chini, kwenye kisanduku cha kuandikia. Umeona? Kaandika "Ngoja nimuulize" na hajaituma. Mwanangu, hayo ndo maneno yake yote unayoyatafuta! Alikuwa anamjibu mpishi, akaona bora akuulize wewe kwanza asije akasema uongo. Kwa hiyo ile ? ya mwanzo, ambayo kaiandika pamoja na picha, inauliza kitu kimoja tu: hii kweli au si kweli, umelipa hujalipa. Salamu kaikosa, sawa, na mie sipendi mtu kuniingilia bila ya hodi, lakini mpishi alikuwa anamsubiri upande wa pili.

Ile ya usiku ndo nyengine kabisa. Imekuja peke yake bila ya picha, saa tatu na nusu, na wewe ulishaisoma ya mwanzo, tiki za buluu anaziona. Hiyo haiulizi tena pesa, inauliza mbona umenyamaza. Na kama kuna hasira basi iko hapo, kwenye ya pili, na hiyo umeitengeneza wewe.

Ingekuwa kakutumia picha ya maneno yako wewe, uliyoyaandika pengine, kwenye kundi la akina mama labda, na chini ?, hapo ningekwambia kaa vizuri unadaiwa maelezo. Hii siyo hiyo.

Sasa jibu. Usimrudishie "?" wala "nini?", na usimtumie voisi ya dakika tano kumuelezea ulivyoumia, mana yeye anataka kitu cha kumpa mpishi. Mwandikie hivi:

"Wifi samahani nimechelewa. Arubuni laki mbili nilituma Jumatatu, meseji ya muamala hii. Nampigia mpishi sasa hivi ntakujuza."

Na uitume hiyo meseji ya muamala, lakini kabla hujaituma isome jina na namba iliyopokea, tarakimu moja moja. Mana mie kinachonitia wasiwasi siyo wifi yako, ni kwamba wewe unasema umetuma na mpishi anasema hajaiona, na inawezekana nyote wawili mnasema kweli. Labda imeingia kwenye laini yake ya pili asiyoiangalia. Labda mwanawe ndo anaeshika simu. Na labda umekosea namba, laki mbili ziko kwa mtu mwengine zinaliwa huku wewe umenuna. Ikiwa jina silo, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako saa hiyo hiyo, wape namba ya muamala, waombe warejeshe. Pesa ikishatolewa na huyo mtu kuirejesha ni kazi kweli kweli.

Na mpishi mpigie, usimchati. Mwambie Ijumaa ni yetu asiipe watu wengine.

Hiyo skrinshoti usimpelekee mume wako. Wewe na wifi yako mtaelewana kabla ya magharibi, yeye akishaiona atampigia dada yake Wete na litakuwa jambo jengine.