Asilimia 1.5 inapokuwa ghali kuliko asilimia 2.5

*Assalamu alaykum. Nataka shilingi milioni 3 za kuongeza bidhaa. Taasisi ya kwanza inatoza riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi kwa miezi 12, na ada ya asilimia 3. Ya pili inatoza asilimia 2.5 kwa mwezi kwa miezi 18, na ada ya asilimia 1. Ada zote zinakatwa mwanzoni. Ya kwanza si ndiyo nafuu? — Mwenye duka la vitambaa, Chake Chake*

Waalaykumu salamu. Karatasi ulizotuletea zinaonesha kwamba taasisi ya kwanza inakokotoa riba kwa mkopo wote tangu mwanzo hadi mwisho, ilhali ya pili inaikokotoa kwa salio lililobaki. Kwa ile ya kwanza utalipa 250,000 za mkopo na 45,000 za riba kila mwezi, yaani 295,000, na jumla ya marejesho itafika 3,540,000. Ukiongeza ada ya 90,000, mkopo umekugharimu 630,000. Kwa ya pili utarejesha takriban 209,010 kwa mwezi, jumla 3,762,180, na pamoja na ada ya 30,000 gharama inafika 792,180.

Kwa hesabu hiyo ya kwanza inaonekana nafuu, lakini unalinganisha mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu. Tazama mwezi wa 12 wa taasisi ya kwanza: unadaiwa 250,000 tu, nawe bado unalipa riba ya 45,000, ambayo ni asilimia 18 ya deni lililobaki kwa mwezi huo mmoja. Ukihesabu kwa fedha ulizopokea mkononi, 2,910,000, riba halisi ya mwaka inafika takriban asilimia 45, na kwa taasisi ya pili takriban asilimia 36.

Kwa hiyo, kabla ya kutia saini, iombe taasisi ya pili ikuandikie jedwali la marejesho la miezi 12. Rejesho litakuwa takriban 292,460 kwa mwezi, na gharama yote, pamoja na ada, takriban 539,500. Utakuwa umeokoa shilingi 90,000 kwa muda uleule na kwa rejesho dogo zaidi. Wakikataa kufupisha muda, na mauzo yako yanaweza kubeba 295,000 bila kuyumba, mkopo wa kwanza utakutoa shilingi chache. Kama hayawezi, chukua wa pili, ukijua kwamba unanunua nafasi ya kupumua kwa takriban 162,000.

*Hiyo riba halisi ya mwaka naipataje mwenyewe? — Mwalimu, Wete*

Kwa programu ya majedwali ya kwenye kompyuta au simu. Andika idadi ya marejesho, kiasi cha rejesho moja kikiwa na alama ya kutoa, kisha fedha zilizoingia mkononi, na wala si kiasi kilichoandikwa kwenye mkataba. Kosa la wengi lipo hapo.

```
=(1+RATE(12,-295000,2910000))^12-1
=(1+RATE(18,-209010,2970000))^12-1
```

Kipeo cha 12 hakibadiliki hata kama mkopo ni wa miezi 18, kwa sababu tunatafuta riba ya mwaka.

*Nilipouliza kuhusu ule mkopo wa asilimia 1.5, niliambiwa wanashikilia asilimia 10 kama akiba na kuirudisha mwishoni. Kwa kuwa ni fedha yangu, je, inahesabiwa kuwa gharama? — Mkulima wa mwani, Micheweni*

Katika jumla ya marejesho haihesabiwi, na ndiyo maana jumla peke yake haitoshi. Kwa mkopo wa milioni 3 wa taasisi hiyo, utapokea 2,610,000 badala ya 2,910,000, lakini utaendelea kulipia riba hata zile 300,000 ambazo hukuzigusa. Gharama kwa shilingi inabaki 630,000, ilhali riba halisi ya mwaka inapanda kutoka takriban asilimia 45 hadi 56. Kama akiba hiyo haikupi faida yoyote, omba mkopo upunguzwe kwa kiasi hichohicho, ukubaliwe bila dhamana ya akiba.

*Nikiuza karafuu nataka kumaliza deni mwezi wa 6. Nitaokoa kiasi gani? — Mkoani*

Inategemea mkataba, hivyo uliza kabla ya kuchukua fedha. Katika mkopo wa kwanza, baada ya marejesho 6 utakuwa umebakiwa na 1,500,000 za mkopo na 270,000 za riba ya miezi ijayo. Zipo taasisi zinazosamehe riba hiyo, na zipo zinazodai 1,770,000 kamili, ambapo kulipa mapema hakukuokolei hata senti. Katika mkopo wa riba ya salio wa miezi 12, utadaiwa takriban 1,611,000 tu, labda na faini ya kufunga mapema, ambayo nayo inapaswa kuwa imeandikwa kwa shilingi katika karatasi hiyohiyo.