Wamejinyoa au wamenyoana?

"Juma na Ali wamejinyoa, Juma na Ali wamenyoana: si wote wawili wamenyolewa? Tofauti iko wapi?"

Tazama wembe uko mkononi mwa nani. Wamejinyoa: Juma kanyoa kichwa chake, Ali chake. Wamenyoana: Juma kamnyoa Ali, naye Ali akamnyoa Juma. Hiyo -ji- imekaa palepale pa -m- ya "amemnyoa", ndiyo maana husikii "amejimnyoa". Ile -an- iko nyuma ya mzizi na inadai mwenzi: "Juma amenyoana" inaning'inia mpaka uongeze "na Ali".

— Kwa hiyo -ji- ya mmoja, -an- ya wengi?

Nusu. Wamejinyoa hata wakiwa kumi, kila mtu na kichwa chake.

— Mimi kikaoni nilisema "ndugu zangu, tujisaidie". Ukumbi mzima ulicheka, wakanionyesha choo.

Pole! Ulitaka "tusaidiane".

— Na "wanajipigania"? Zote mbili zimo.

Hapo "pigana" imekwisha kuwa neno moja. Wanapigana na adui, -ji- inasema ni kwa faida yao. Ila faida ya kila mmoja, au ya kundi zima? Hapo nami husita.