Jibu: Barua ya bima kukataa kulipa Kenta

"Wakuu, Kenta yangu ilipinduka Mlima Nyoka. Bima wamekataa kulipa, wanadai nilichelewa kutoa taarifa na 'nimekiuka masharti'. Barua nimeibandika hapo. Nijibuje?"

Mkuu, usijibu kwa hasira. Zungushia kalamu kila tarehe kwanza. Aya ya kwanza inasema ajali ilitokea 4 Machi, ya tatu inasema 14 Machi. Taarifa wanakiri kuipokea 18 Machi. Wakihesabu kuanzia tarehe 4 umechelewa siku 14. Kuanzia tarehe 14 ni siku 4 tu. Ripoti ya trafiki ndiyo itamaliza ubishi, ambatanisha kopi.

Halafu, masharti yapi? Hawajataja namba ya kifungu hata kimoja. Fungua mkataba wako usome sehemu ya kutoa taarifa: kuna mikataba inayotaja siku, mingine inasema "mapema iwezekanavyo" tu, na hapo hoja yao inalegea. Waandikie wanukuu kifungu chenyewe, neno kwa neno.

Ule mstari wa chini, "nakubali uamuzi huu ni wa mwisho", usiusaini kabisa! Barua ya kukataa haihitaji saini yako. Peleka jibu kwa mkono, wagonge muhuri kwenye kopi yako. Wakikaa kimya, peleka malalamiko TIRA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima; wana ofisi ya kanda hapa hapa Mbeya.