Maji ya kuoshea nyama yanavyomaliza banda zima

Nafuga nguruwe wachache Rungwe, na kila homa ya nguruwe inapotajwa watu huniuliza nimewachoma dawa gani wangu. Hakuna dawa. Homa ya nguruwe ya Afrika huletwa na kirusi, haina tiba, na huku kwetu hatuna chanjo yake.

Kinachoisambaza haraka ni sisi wenyewe. Nguruwe aliyeambukizwa anaweza kukaa wiki nzima na zaidi akila vizuri. Siku anayosusa chakula, mwili unawaka moto, masikio na tumbo vinakuwa vyekundu, na mwenye mali kwa kuogopa hasara anamchinja upesi. Nyama inauzwa bei ya kutupa. Kwa kuwa ugonjwa huu haumpati binadamu, jirani ananunua kilo mbili bila wasiwasi, anaiosha, na yale maji yenye damu anayamwaga kwenye ndoo ya makombo ya nguruwe. Siku chache baadaye na kwake vifo vinaanza. Mnunuzi wa nguruwe anayezunguka banda hadi banda na buti zilezile, na dume la kuazima, hufanya kazi hiyohiyo.

Kwa hiyo kwangu mgeni haingii bandani, awe mnunuzi au ndugu. Buti za bandani hazitoki nje. Mlangoni nina beseni la dawa, ila buti husuguliwa kwanza kwa maji na sabuni, maana kinyesi kikiganda juu, dawa haifiki kwenye kirusi. Nguruwe mpya hukaa peke yake mwezi mzima, na anayemhudumia huanza na wale wa zamani.

Sakafu iwe ya sementi yenye mteremko, ifagiliwe kila asubuhi. Nguruwe hupenda kunyea sehemu yenye unyevu. Unapowahamishia banda jipya, lowesha kona moja na utandike majani makavu upande wa kulala. Watazoea wenyewe, na kazi yako itapungua sana.

Makombo nimeyaacha kabisa. Ukilazimika, yachemshe nusu saa huku ukikoroga.

Chakula kifuate umri. Mtoto anyonye maziwa ya mwanzo ndani ya saa chache, achomwe madini ya chuma siku ya tatu, na kuanzia wiki ya pili aonjeshwe chakula laini ili kumwachisha ziwa kusimshtue. Baada ya hapo anahitaji protini nyingi: dagaa, soya na mashudu ya alizeti, akianza na nusu kilo kwa siku. Anavyokua, pumba za mahindi huongezwa na protini hupunguzwa, hadi anayekaribia kuuzwa anakula kama kilo mbili na nusu. Ukimlisha pumba tupu tangu mdogo, utaona tumbo kubwa na mgongo mwembamba, na hata ukimwongezea dagaa baadaye, miezi ile hairudi. Jike mwenye mimba mpe kilo mbili tu. Akishazaa, mwongezee kadiri watoto walivyo wengi.