Huyu mlezi aitwe kwenye usaili au la?

Swali: "Tangazo letu linataka mlezi wa watoto chini ya miaka 2, mwenye cheti cha huduma ya kwanza, anayeweza kuongea na wazazi. Huyu ana diploma ya malezi na miaka 4 kazini, nimwite?"

Mwite, ila diploma isikupumbaze, angalia hiyo miaka 4 alikuwa na watoto wa umri gani, maana ukisoma vizuri wasifu wake kaandika "kufundisha herufi na namba", hao ni wa miaka 4 au 5, si wa kubadilishwa nepi na kulazwa. Hapo kwenye uzoefu mpe nusu ya alama.

Usalama ndo pananitia shaka. "Kuhakikisha usalama wa watoto" kila mtu anaandika, mi natafuta kitendo, kama kumlaza mchanga chali na kumchungulia mara kwa mara, au kutomkabidhi mtoto kwa mtu asiye kwenye orodha ya mzazi. Na cheti chake cha huduma ya kwanza hakina tarehe, vingi vinaisha baada ya miaka 2 au 3, mwambie alete chenyewe.

Kwa wazazi yuko vizuri, kajaza daftari la kila siku, mtoto kala nini, kalala saa ngapi. Muulize tu: mtoto kang'atwa na mwenzake, mama yake utamwambiaje jioni?

— Mimi ningemuacha, asiye na uzoefu wa wachanga hafai.

— Hafai kuachwa peke yake zamu, ndugu, akiwa na mzoefu pembeni anajifunza. Ila kama mna mlezi mmoja tu chumbani, hapo sibishani na wewe.