Kidakatonge hakijawahi kudaka tonge

*Swali: Mwalimu, kidakatonge ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya mdomo, au ni kile kinachofunga njia ya hewa tunapomeza? Kitabu kimoja kinasema hivi, kingine vile. Na je, mtu anaweza "kupaliwa na mwiba"?*

Kinachoning'inia ni kimio. Wengine hukiita kimeo, na ndicho ambacho wengi hukiita kidakatonge. Kile cha chini, kinachoinamia mlango wa hewa, ni epiglotisi. Ningeweza kuishia hapo, lakini umenitonesha kidonda. Kuna sentensi moja ninayoisahihisha miaka nenda miaka rudi, nayo hurudi kama mafua: "Kidakatonge hudaka tonge lisiingie kwenye njia ya hewa."

Sentensi fupi, uongo mrefu. Kudaka ni kukipokea kitu kikiwa safarini na kukishika. Golikipa hudaka mpira. Sasa tonge likishadakwa na kimio, linakaa wapi? Linarudishwa mchezoni? Kimio ni ncha tu ya kaakaa laini. Tonge linapopita, kaakaa laini huinuka na kubana nyuma, likaziba njia ya pua. Kazi yake ni kuzuia chakula kisipande puani, na ukiona mtu anakunywa maji yakamtokea puani, shuku kaakaa hilo kwanza. Kimio hakidaki kitu. Kinapanda na mwenye nyumba.

Asili ya jina la kimio, kwa ufupi: ni ndugu mdogo wa umio, na wote wawili ni wa ukoo mmoja na kumeza. Waganda husema okumira kwa kumeza na omumiro kwa koo. Jina la kidakatonge lilitungwa na mtu aliyechungulia mdomo wa mwenzake akaona kitu kinaning'inia mlangoni, akakipa kazi ya bawabu. Kwa kimio nalivumilia, limeshazeeka nasi. Kulihamishia kwenye epiglotisi ndiko kunakonikosesha usingizi, maana hapo jina linageuka kuwa maelezo, na maelezo yenyewe si kweli.

Hebu tulifuate tonge. Hatua ya kwanza iko mdomoni na iko chini ya hiari yako: unatafuna, ulimi unakusanya, kisha unasukuma nyuma. Ukitaka kughairi, unaweza. Likishagusa nyuma ya ulimi na kuta za koromeo, hiari yako imekwisha. Hatua ya pili huchukua kama sekunde moja tu, na shina la ubongo ndilo linaloiendesha bila kukuuliza.

Katika sekunde hiyo koromeo hufanya kazi kwa makundi mawili ya misuli. La nje ni misuli mitatu ya kubana, ya juu, ya kati na ya chini, iliyopachikana kama vikombe vilivyotumbukizwa kimoja ndani ya kingine. Hubana kwa zamu kuanzia juu, hivyo tonge husukumwa kutoka nyuma yake. La ndani ni misuli myembamba ya wima, nayo hulifupisha koromeo na kulivuta juu, kama mtu anayepandisha soksi ili mguu uingie upesi.

Weka kidole kwenye kinundu cha shingo, umeze mate. Umekiona kikiruka? Hilo ndilo zoloto, mlango wenyewe wa njia ya hewa, na kuruka huko, kwenda juu na mbele kwa sentimita mbili hivi, ndio ulinzi ambao sentensi yangu ya mafua haiujui. Badala ya kumdaka mpita njia, mwili unauhamisha mlango. Zoloto linajificha chini ya shina la ulimi, na ndani yake nyuzi sauti zinakutana na kufunga kabisa. Pumzi nayo husimama kwa muda huo, kisha mara nyingi huendelea kwa kutoa hewa, si kuvuta, ili kama kuna chembe imebaki mlangoni ipeperushwe nje.

Epiglotisi iko wapi katika haya? Ipo, na haina utukufu inaopewa. Ni kipande cha gegedu chenye umbo la jani. Ulimi ukirudi nyuma na zoloto likipanda, jani hilo huinama juu ya mlango, na sehemu kubwa ya kinywaji hupita kandokando yake, kushoto na kulia, kama maji ya mvua yanavyolizunguka jiwe. Wapo watu walioondolewa epiglotisi kwa upasuaji wa saratani, wakajifunza upya kumeza salama, kwa sababu nyuzi sauti na shina la ulimi vilibaki. Mfuniko gani huo, ukiondolewa chungu hakimwagiki?

Mruko huohuo wa zoloto una faida ya pili. Mlango wa umio una msuli wa mviringo ambao muda wote umebana, usije ukameza hewa kila unapopumua. Tonge likikaribia, msuli huo hulegea, na zoloto linalokwenda mbele huuvuta mlango ukafunguka. Mlango wa hewa unafungwa na wa chakula unafunguliwa kwa tendo moja. Hatua ya tatu, ya umio wenye sentimita 25 hivi, ni mawimbi ya misuli yanayochukua sekunde kadhaa, wala haina ugomvi wa kilugha.

Sasa mwiba wako. Chukua mtu anayekunywa maji huku rafiki yake anamchekesha. Kicheko kinataka nyuzi sauti zipitishe hewa, mmezo unataka zifunge. Maji ni mepesi, hayasubiri uamuzi. Yanafika mlangoni kabla zoloto halijapanda. Tone linaingia, kikohozi kinafyatuka. Huyo amepaliwa. Maji yamempalia, yamekwenda njia isiyo yao. Mwiba uliojikita ukutani mwa koromeo haukukosea njia, umekwama ndani yake. Huyo amesakamwa, na dalili yake ni maumivu kila anapomeza. Kwa hiyo hapana, mwiba uliojichoma hapo haupalii. Wanaoandika "kukabwa na maji" nao wajue kwamba kukabwa kunahitaji mikono.

Tahadhari moja, kwa kuwa kamusi hufasili kupaliwa pamoja na kukohoa. Mtu aliyepata kiharusi anaweza kupoteza hisia za zoloto, maji yakampalia bila kikohozi hata kimoja. Familia husema "anakunywa vizuri". Msikilize anapozungumza baada ya kunywa: sauti ina majimaji, kama anayesukutua. Akizidi kupata homa na vichomi vya mara kwa mara, apimwe umezaji na mtaalamu kabla ya kupewa gilasi nyingine. Huyu naye amepaliwa, ingawa kamusi inamsubiri akohoe.

Ukikutana tena na sentensi ile, iandike hivi: "Tunapomeza, zoloto hupanda, nyuzi sauti hufunga na epiglotisi huinama juu yake." Ni ndefu kidogo, najua. Na mwanafunzi akikuandikia kidakatonge kwa maana ya kimio, mpe alama yake. Akiandika kwamba kinadaka, mnyime.